Shajara ya mradi: orodha ya filamu inayokumbuka ilikotoka

Januari 11

Leo nimekaa nikahesabu. Orodha yangu ya filamu za kutazama ina majina 214. Mwaka mzima uliopita nimetazama 9 tu kati ya hizo. Nyingine zote nilizotazama zililetwa na ukurasa wa kwanza wa huduma ninayoilipia kila mwezi: unakaa umechoka, picha kubwa inajichezesha yenyewe, unasema basi na iwe hii.

Nimepita orodha mstari kwa mstari nikijiuliza swali moja tu: hii niliiweka kwa nini? Kwa majina 171 sikuwa na jibu. Labda nilisikia mtu akiisifu, labda niliona bango lake. Sikumbuki. Orodha ya namna hiyo ni kama droo ya funguo usizojua zinafungua milango gani: huzitupi, na huzitumii.

Hizo 171 nimezihamishia kwenye faili nililoliita `ghala.txt`. Sijafuta kitu. Zimebaki 43, na mradi unaanzia hapo.

Kabla ya kuilaumu algoriti, yaani programu ya huduma hiyo inayochagua cha kunionyesha, nimejilazimisha kuandika inafanya nini hasa. Kwa kifupi, inatafuta watu waliotazama vitu unavyotazama, kisha inakuletea walivyoviona wao na wewe bado hujaviona. Pia inalinganisha filamu na filamu kwa lebo zake: aina, waigizaji, lugha, mwendo. Kazi hiyo si mbaya. Ila ina upofu wa aina mbili. Kwanza, inajua kwamba ulifika mwisho wa filamu, haijui ni nini kilichokushika mpaka ukafika. Pili, haiwezi kukupendekezea kitu kisichokuwa dukani kwake. Filamu ambayo huduma haina haki ya kuionyesha, kwake haijawahi kutengenezwa.

Januari 14

Muundo wa faili. Nilianza na lahajedwali lenye safu 14 (nyota, muda, nchi, tuzo, na kadhalika) nikaona nitalichoka kabla ya wiki kuisha. Zimebaki saba:

```
jina_asili,mwaka,mwongozaji,mlango,sababu,iliongezwa,hali
```

Safu inayobeba mradi wote ni `mlango`, yaani nimeifikiaje filamu hii. Kwa sasa nina milango mitano: `algoriti`, `mwigizaji`, `mpigapicha`, `kura`, na `mkopo`. Huo wa mwisho nitaueleza nikifika.

`sababu` ni sentensi moja, kwa maneno yangu, na ni marufuku kuandika "imesifiwa sana". Nisipoweza kuandika sentensi, filamu haiingii.

Nyota nimeziacha makusudi. Nyota nne za Januari na nyota nne za Oktoba si kitu kimoja, kwa sababu anayezitoa amebadilika katikati. Badala yake nitasubiri siku saba baada ya kutazama, kisha nijibu swali moja: mlango ulionileta hapa, ningeupitia tena? Ndiyo au hapana. Kinachopimwa ni mlango.

Januari 19

Lazima nikiri: filamu ya kwanza ya mradi imeletwa na algoriti. Ni *Atlantique* ya Mati Diop, ya mwaka 2019, iliyopata tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes. Vijana wa ujenzi Dakar hawajalipwa mishahara, wanaingia baharini kutafuta maisha, na wapenzi wao wanabaki ufukweni. Kisha kuna jambo la mizuka ambalo silisemi.

Ilipoisha tu, huduma ikanipangia mstari mpya: mapenzi na mizuka, mizuka na mapenzi. Kwa mantiki yake ilikuwa sahihi, lebo ndizo hizo. Lakini mimi nilichoshikwa nacho ni bahari. Kamera inaitazama kwa muda mrefu kuliko hadithi inavyohitaji, mpaka maji yanaanza kuwa mtu. Hakuna lebo ya kitu hicho.

Basi badala ya kubofya, niliyaacha majina ya mwisho yapite yote, nikaandika matatu ya kufuatilia: mwongozaji mwenyewe, mpigapicha mkuu, Claire Mathon, na mtunzi wa muziki, Fatima Al Qadiri. Jina la tatu baadaye nililiweka pembeni, kwani nyuzi tatu kwa mpigo zinachanganya.

Februari 1

Mlango wa `mpigapicha`. Mwaka huohuo wa 2019, kwenye shindano lilelile la Cannes, Claire Mathon alikuwa na filamu ya pili: *Portrait de la jeune fille en feu* ya Céline Sciamma. Nimeitazama. Na hapo nyuma, mwaka 2013, alipiga *L'Inconnu du lac* ya Alain Guiraudie, ambayo yote inatokea kando ya ziwa moja. Nimeitazama hiyo pia.

Ziwa lilinipa kile nilichokuwa nakitafuta: maji yanayotazamwa mpaka yanatisha. Filamu ya Sciamma ni nzuri, na bahari ipo, lakini macho yake yako kwenye nyuso na mikono. Nimejifunza kwamba mpigapicha ni fundi anayeyatumikia macho ya mtu mwingine. Ukimfuata utapata ustadi uleule, lakini hutapata lazima shauku ileile. Mlango huu unafaa pale unapojua kwamba kilichokushika ni mwanga, rangi, au jinsi kamera inavyosogea. Kama kilichokushika ni hasira ya watu wasiolipwa, mpigapicha hatakufikisha.

Jaribio langu kwa mlango huu, kuanzia sasa: nazima sauti kwa dakika tano katikati ya filamu. Nikiendelea kushikwa, namfuata mpigapicha. Nikichoka, namwacha.

Februari 9

Sasa `mkopo`. Kila mwongozaji amekopa mahali: kwa aliyemfundisha kazi, kwa ndugu, kwa filamu aliyoiona ujanani ikamkaa. Kwa Mati Diop deni halijifichi. Yeye ni mtoto wa Wasis Diop, mwanamuziki, na baba yake mkubwa ni Djibril Diop Mambéty, aliyetengeneza *Touki Bouki* mwaka 1973. Mori na Anta, wapenzi wawili wa Dakar, wanahangaika kupata nauli ya kwenda Paris. Pikipiki yao imefungwa pembe za ng'ombe. Nayo inaishia kwenye swali lilelile la bahari: kuna anayepanda meli na kuna anayebaki.

Halafu yupo kiungo katikati. Mwaka 2013 Mati Diop alitengeneza *Mille soleils*, filamu ya dakika 45 hivi, ambayo inamrudia Magaye Niang, yule aliyeigiza kama Mori, miaka 40 baadaye, akiwa bado Dakar. Nikizipanga kwa mwaka, 1973, 2013, 2019, ni kama mazungumzo ya ukoo mmoja kuhusu safari. Algoriti yangu ilinipa ya mwisho tu, tena kwa sababu ya mizuka.

Na kwa nini *Touki Bouki* inaonekana vizuri hivi leo? Mwaka 2008 ilikarabatiwa Bologna kwa msaada wa mfuko wa sinema za dunia ulioanzishwa na Martin Scorsese. Nimeanza kuwa na tabia ya kuangalia kama filamu ya zamani imekarabatiwa kabla ya kuitazama. Mara mbili huko nyuma nilihukumu filamu kuwa "nyeusi sana", kumbe nilikuwa nahukumu nakala mbovu iliyopakiwa na mtu.

Jinsi ninavyotafuta mikopo: nasoma mahojiano ya mwongozaji, hasa yale ya filamu ilipotoka, na nakala za maswali ya tamasha. Nimegundua kuna kutaja kwa aina mbili. Kuna kutaja kwa heshima, ambapo mtu anamwaga majina kumi ya wakubwa kama anayesalimia msibani. Hayo nayapita. Na kuna kutaja kwa deni: anasema ni filamu ipi, na alichukua nini humo. Hilo la pili naliandika siku hiyohiyo.

Februari 15

Nimejaribu *Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles* ya Chantal Akerman, ya 1975. Dakika 201. Ilikuwemo kwenye zile 43 kwa sababu mwaka 2022 ilishika nafasi ya kwanza kwenye kura ya filamu bora ya jarida la *Sight and Sound*. Hiyo si sababu yangu, nilipaswa kuishtukia mapema. Mjane anapika, anaosha vyombo, anatandika kitanda. Nimeacha.

Sikuifuta. Kwenye `hali` nimeandika: `iliachwa dk 40, nasubiri kitu kitokee`. Kisha nimeipeleka ghalani. Nadhani kuandika dakika na hali ya moyo ni muhimu kuliko kuandika "inachosha", maana neno hilo haliniambii nani alikuwa na tatizo.

Februari 23

Mlango wa `mwigizaji`, ambao siuamini. Nimeshautumia mara tatu na mara zote umenitupa: mwigizaji hula pale anapopata kazi. Lakini Mati Diop kabla ya kuongoza aliigiza, na mwaka 2008 alikuwa binti katika *35 rhums* ya Claire Denis. Baba ni dereva wa treni, ameigiza Alex Descas. Wanaishi wawili tu, wanapendana, na wote wanajua kwamba binti anapaswa kuondoka.

Hakuna anayelisema hilo. Kuna usiku gari linawaharibikia kwenye mvua, wanajikinga kwenye baa, muziki unapigwa, baba anacheza na binti kisha anamwachia kijana jirani. Kwa namna anavyorudi nyuma na kutazama, umeshajua yote. Nimeirudia sehemu hiyo mara tatu.

Siku saba baadaye nitajibu ndiyo, naona mapema.

Machi 2

Claire Denis amesema wazi deni lake: *35 rhums* imetokana na *Banshun* ya Yasujirō Ozu, ya 1949. Huu ni mkopo wa aina ninayoitaka, si salamu. Baba mjane, binti asiyetaka kuolewa ili asimwache. Kisa kilekile, nchi mbili, miaka 59 katikati.

Nilitazama *Banshun* siku mbili baada ya *35 rhums*, na naona mpangilio huo ndio ulioniokoa. Ningeianza peke yake ningeona watu wamekaa chini wanaongea taratibu, kamera iko karibu na sakafu, haiendi popote. Lakini kwa kuwa nilishajua swali, kila ukimya ulikuwa na kitu ndani. Nimeandika kanuni pembeni: filamu iliyokopa kwanza, iliyokopesha baadaye. Watu wengi hushauri kinyume, uanze na mzizi. Kwangu mzizi umeeleweka baada ya kuonja tunda.

Kutoka hapo: mwaka 1960 Ozu alikirudia kisa, safari hii mzazi ni mama, katika *Akibiyori*. Na anayeigiza mama ni Setsuko Hara, yuleyule aliyekuwa binti mwaka 1949. Imeingia orodhani na sababu: "nataka kuona binti akiwa upande wa pili wa mlango".

Machi 9

Siku ya mafundi. Claire Denis kabla ya filamu zake alikuwa msaidizi wa Wim Wenders, kwa hiyo nikaongeza *Paris, Texas* ya 1984. Faili likavurugika. Koma ya kwenye jina ilihesabiwa kuwa mpaka wa safu: mwaka ukawa "Texas", mwongozaji akawa "1984". Nilipokagua nikakuta *Jeanne Dielman* huko ghalani imekatika vipande vinne kwa koma zake tatu, na tangu Februari sikuona. Dalili ilikuwepo: hesabu ya milango ilikuwa inaonyesha mlango uitwao "1080 Bruxelles".

Nimebadilisha kitenganishi kuwa mstari wima, na nimeongeza safu ya mwisho ya jibu. Sasa mstari mmoja uko hivi:

```
Banshun|1949|Yasujirō Ozu|mkopo:35 rhums|baba, binti, swali lilelile|02-24|imetazamwa|ndiyo
```

Na kuhesabu majibu ya ndiyo kwa kila mlango:

```
grep '|ndiyo$' orodha.txt | cut -d'|' -f4 | cut -d: -f1 | sort | uniq -c
```

Kosa la pili ni la majina. *Akibiyori* nilikuwa nayo mara mbili, mara ya pili kwa jina lake la Kiingereza, nikidhani ni filamu mbili. Ndiyo maana jina asili ndilo linalotawala, na mwaka ni wa kuonyeshwa mara ya kwanza popote. *35 rhums* nyingine huandikwa 2009, kwa sababu ilianza tamashani Venisi 2008 na kuingia kumbini mwaka uliofuata. Mwaka pekee hautoshi kutambua filamu; jina asili, mwaka na mwongozaji pamoja vinatosha.

Machi 23

Mlango wa `kura`, lakini si kama nilivyoutumia kwa *Jeanne Dielman*.

Kura ya *Sight and Sound* hufanywa kila baada ya miaka 10 tangu 1952. Ya 2022 ilikuwa na wahakiki na wataalamu 1,639, na waongozaji 480 kwenye kura yao ya pekee. Watu husoma orodha ya jumla, ambayo ni hesabu ya kura za wote, na hesabu hiyo huwaleta wakubwa walewale. Utamu uko kwenye karatasi za mtu mmojammoja, maana kila mpiga kura alitaja filamu 10 na karatasi hizo zinasomeka mtandaoni.

Nilichofanya: nikatafuta mtu aliyetaja *Touki Bouki* na *Banshun* pamoja. Filamu mbili zinazofanana, mfano mbili za Ozu, hazisemi kitu. Mbili zilizo mbali zinasema huyu mtu ana kiu kama yangu. Nikampata mhakiki mmoja. Nane zake nyingine, tatu nilikuwa nazijua na kuzipenda. Zilizobaki tano zimeingia zote, kila moja na sababu baada ya kusoma kidogo.

Ya kwanza niliyotazama ni *Killer of Sheep* ya Charles Burnett. Alitengeneza akiwa mwanafunzi wa chuo, ikakamilika miaka ya 1970 mwishoni, lakini haikuingia kumbini kwa mpango rasmi mpaka 2007. Sababu ni muziki: nyimbo zilizomo zilikuwa hazijalipiwa haki, na kuzilipia baadaye kuligharimu takriban dola 150,000. Miaka 30 filamu ipo na haipo. Nilipoandika Januari kwamba algoriti haioni kisichokuwa dukani, nilidhani nazungumzia filamu mbovu au zilizosahaulika.

Mei 18

Hesabu. Tangu Januari nimemaliza filamu 26 zilizopitia milango hii. Mkopo: 7, ndiyo 6. Kura: 5, ndiyo 4. Mpigapicha: 6, ndiyo 3. Mwigizaji: 4, ndiyo 1, na ndiyo hiyo ni *35 rhums*. Algoriti: 4, ndiyo 1.

Nisijidanganye. Namba ni ndogo, na mlango wa mkopo una upendeleo: filamu zake nilizitazama kwa mpangilio mzuri, nikiwa nimeshaandaliwa, wakati za algoriti nilizitazama usiku nimechoka. Pia mlango wa mwigizaji, wenye alama mbaya, ndio ulionipeleka kwa Denis, na Denis akanipeleka kwa Ozu. Ningefunga mlango huo Februari kwa sababu ya alama, nusu ya shajara hii isingekuwepo. Kwa hiyo siufungi. Nimejiwekea kipimo tu: filamu moja ya mwigizaji kwa mwezi, na awe mwigizaji ambaye baadaye aliongoza.

Kusafisha: kila mstari uliokaa siku 120 nasoma sababu yake. Nikiweza kuiandika upya kwa maneno mapya, inabaki. Nisipoweza, ghalani. Leo zimeondoka 11. Nyingi ni zile nilizoziandika Januari kwa maneno kama "inaonekana ya kusisimua", na sentensi hizo nazisoma kama barua ya mtu mwingine.

Mei 25

Kazi ambayo sikuipanga: kusoma ghala. Mistari 182 na ushee. Nimeipita nikiwa na swali tofauti na la Januari. Sikujiuliza niliiweka kwa nini. Nimejiuliza kama sasa ninaweza kuiandikia sababu. Nimeokoa 6. Kwenye mojawapo nimekuta maneno yangu: `iliachwa dk 40, nasubiri kitu kitokee`.

Baada ya Ozu wawili na baba anayerudi nyuma kwenye baa, maneno hayo yamenichekesha. Nimeandika sababu mpya: "nataka kuona kinachobadilika siku ya pili". Mlango nimeubadilisha pia. Haikuja tena kwa kuwa ni namba moja. Yule mhakiki wa Machi aliitaja miongoni mwa zile tatu za karatasi yake ambazo wakati ule niliziruka kwa kuwa "nazijua". Hapo juu niliandika kwamba nilizipenda zote tatu. Moja sikuipenda, niliogopa kulisema hilo.

Juni 1

Dakika 201, kikao kimoja, simu chumba kingine.

Filamu ni siku tatu. Siku ya kwanza Akerman anakufundisha ratiba ya nyumba: sufuria inakaa wapi, taa inazimwa lini, pesa inawekwa kwenye bakuli gani. Februari niliondoka katikati ya somo. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Basi. Hakuna zaidi ya hapo, viazi vimeharibika na mwanamke anazunguka na sufuria nyumbani hajui aiweke wapi, na mimi nimekaa wima kama naangalia mtu akitembea ukingoni mwa ghorofa.

Nilizima sauti dakika tano, kama kawaida. Nikaendelea kushikwa. Mpigapicha ni Babette Mangolte. Jina lake limeingia leo, `mpigapicha:Jeanne Dielman`, na kwenye `sababu` nimeandika: "kamera inayokaa urefu mmoja na kukataa kusogea, nione kama ni yake au ya Akerman".

Jibu la mlango nitaliandika tarehe 8.